Barua ya mwajiri inasema 1,200,000, slipu 928,000, benki inaingia 778,000. Ofisa mikopo unaanzia wapi?

Mdogo_wa_Sakina

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni ofisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha hapa Arusha. Nina faili mezani tangu Jumatatu na naomba msaada wa wenye uzoefu. Mwombaji ni fundi wa magari ya safari, gereji yao iko upande wa Njiro. Anaomba milioni 5 kwa miezi 24, marejesho yanakuja 290,000 kwa mwezi. Ameleta slipu za mshahara za Januari, Februari na Machi 2025, barua ya mwajiri yenye mhuri, na steitimenti ya benki ya miezi sita kuanzia Oktoba.

Barua inasema analipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Slipu, mstari wa mwisho kabisa, inasema 928,000. Benki inaingia 778,000, mwezi hadi mwezi haibadiliki, na maelezo ya muamala ni `SALARY` na jina la kampuni.

Meneja wangu ameziangalia kidogo akasema karatasi zinapingana, mrudishie. Mimi roho inakataa, maana huyu mtu anaonekana ana kazi kweli, ila nikiambiwa nieleze kwa nini tarakimu ni tatu sina maelezo. Naomba mpangilio: mnaanza kuangalia nini, na karatasi ipi inathibitisha ipi? Utaratibu wa ofisi yetu ni kwamba marejesho ya madeni yote yasizidi asilimia 40 ya mshahara wa mkononi.

Chasaka_Moshi

Mkuu rudisha hilo faili. Nimekaa dawati la mikopo huku Moshi muda mrefu, mteja mwenye mshahara wa tarakimu tatu ni wa kuchonga huyo. Barua yenye mhuri ndiyo ya kuamini kwa sababu mwajiri ameiwekea sahihi. Slipu mtu yeyote anachapa kwenye steshenari ya mtaani. Kama barua inasema 1,200,000 na benki haionyeshi 1,200,000, imekwisha.

Bibi_Hesabu

Mdogo wangu, usirudishe bado. Na kaka Chasaka nitakupinga kwa heshima, kwa sababu hizo tarakimu mbili za mwanzo zinaweza kuwa za kweli zote, ni vile zinataja vitu tofauti. Barua za waajiri karibu zote zinataja mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Slipu inakushusha kutoka ghafi mpaka mkononi. Benki inaonyesha kilichotumwa. Kazi yako si kuona kama zinafanana. Kazi yako ni kutembea kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na kila shilingi inayopotea njiani uijue imekwenda wapi.

Nimeandaa mishahara ya kampuni kwa miaka mingi kabla sijaingia kwenye mikopo, kwa hiyo mimi huanza na kalamu. Sijali slipu imechapwa vizuri kiasi gani. Nachukua ghafi, natoa NSSF asilimia 10 ya mfanyakazi, kinachobaki ndicho kinatozwa kodi. Kwa viwango vya kodi ya mshahara, yaani PAYE, vya Tanzania Bara, 270,000 ya kwanza haikatwi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 ni asilimia 20, mpaka milioni moja ni asilimia 25, na juu ya hapo asilimia 30. Ukijumlisha ngazi zote, mtu anapofika milioni moja kamili ameshakatwa 128,000. Kwa hiyo fundi wako anakuja hivi:

```
Ghafi                              1,200,000
NSSF  10%                            120,000
Kinachotozwa kodi                  1,080,000
PAYE  128,000 + (30% x 80,000)  =    152,000
Mkononi                              928,000
```

Imetoka 928,000 vilevile ya kwenye slipu. Barua na slipu zimekubaliana, na zimekubaliana kwa hesabu ya sheria, maana mtu anayechonga kwa macho mara nyingi anakosea hapo kwenye kodi. Sasa swali lako limekuwa dogo kuliko ulivyolileta: 150,000 kati ya slipu na benki imekwenda wapi?

Chasaka_Moshi

Dada, kodi si inakokotolewa kwenye ghafi? Mimi nikipiga kwenye 1,200,000 inakuja 128,000 jumlisha asilimia 30 ya 200,000, jumla 188,000. Slipu ina 152,000. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha slipu ya uongo.

Bibi_Hesabu

Hapana kaka, mchango wa NSSF unatolewa kwanza, kodi inafuata. Ila umegusa kitu kizuri. Ukikuta slipu imekata 188,000 kwa mtu wa ghafi hiyo, usikimbilie kusema ni ya kughushi. Wapo waajiri wadogo ambao mhasibu wao hajui hilo na wanawakata watu kodi zaidi kila mwezi. Wapo pia wanaokata NSSF kwenye mshahara wa msingi tu, posho wanaziacha, na hapo tarakimu zote zinahama. Kinachonishtua mimi ni slipu kubadilisha mtindo katikati: Januari imekata kodi kwa njia moja, Februari kwa njia nyingine, ghafi ni ileile. Programu ya mishahara haibadilishi mawazo mwezi hadi mwezi. Mtu anayehariri ndiye anabadilika.

Kingine cha haraka, SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni mzigo wa mwajiri. Ukiziona zimekaa kwenye makato ya mfanyakazi, uliza.

Mdogo wangu, sasa nifanyie kitu kimoja. Slipu ya Machi ina sehemu ya makato. Jumlisha mistari ya makato kwa mkono, halafu angalia jumla iliyoandikwa chini yake. Usiangalie mshahara wa mkononi, angalia jumla ya makato.

Mwalimu_wa_Himo

Samahani jamani naingilia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, slipu yangu ina CWT, PSSSF, NHIF na bodi ya mikopo, mkononi kinabaki kidogo sana. Kwa hesabu hizo mnazopiga mimi nitapata shilingi ngapi?

Bibi_Hesabu

Mwalimu karibu, ila uzi huu ni wa upande wa ofisa anayehakiki, na kwako wewe uhakiki ni wa njia nyingine. Mtumishi wa umma mchango wake PSSSF ni asilimia 5 na mwajiri anatoa 15, NHIF asilimia 3, na deni la bodi ya mikopo, HESLB, ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Slipu yako inatoka kwenye mfumo wa serikali na ina cheki namba, kwa hiyo mkopeshaji makini haridhiki na karatasi, anataka uifungue kwenye mfumo mbele yake. Na wewe kuna ile kanuni kwamba baada ya makato yote ibaki walau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Chukua msingi wako ugawe kwa tatu, kilicho juu ya hapo ndicho kinachoweza kuzungumzwa.

Mdogo_wa_Sakina

Dada Bibi_Hesabu, nimefanya. Slipu ya Machi ina mistari miwili tu ya makato, NSSF 120,000 na PAYE 152,000. Hiyo ni 272,000. Lakini pale chini pameandikwa hivi:

```
TOTAL DEDUCTIONS      422,000
NET PAY               928,000
```

Nimeangalia Januari na Februari. Januari jumla inasema 272,000. Februari inasema 422,000 kama Machi. Niliziona hizi slipu mara nyingi na macho yalikuwa yanakwenda kwenye mkononi moja kwa moja.

Bibi_Hesabu

422,000 toa 272,000 ni 150,000. Ndiyo ileile inayopungua benki.

Kwa hiyo kuna mstari wa tatu wa makato, wa 150,000, ambao umetolewa kwenye slipu. Aliyeutoa amerekebisha mshahara wa mkononi kutoka 778,000 kuwa 928,000, akasahau jumla kwenye slipu mbili, ya Januari akaikumbuka. Angalia pia nafasi kati ya mistari kwenye karatasi. Slipu nyingi za programu huwa na umbali sawa kati ya mstari na mstari. Penye mstari uliofutwa panabaki pengo, au mstari wa PAYE unakaa mbali kidogo na jumla kuliko kawaida.

Umeona sasa kwamba maswali yalikuwa mawili tangu mwanzo? La kwanza, huyu mtu analipwa hicho anachosema? La pili, kuna deni analoficha? Karatasi zake zinajibu ndiyo kwa yote mawili. Ungerudisha faili kwa sababu ya swali la kwanza ungekuwa umemwonea, na ungelipitisha kwa sababu ghafi ni ya kweli ungekuwa umeliwa na swali la pili.

Karanga_Moshi

Naongezea upande wa benki, maana huko ndiko nimeona mengi. Kaka Chasaka amesema mhuri ndiyo uhakika. Mhuri wa mpira unachongwa, na wa benki unachongwa kama mingine. Mimi steitimenti naisoma kwa salio linalotembea. Kila mstari, salio la juu jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, lazima upate salio la mstari huo. Mwaka jana nililetewa moja ina mhuri na rangi zote za benki, na ndani yake kulikuwa na hivi:

```
26/02  BALANCE                           24,400
27/02  SALARY FEB       978,000       1,002,400
27/02  ATM WITHDRAWAL   400,000         302,400
```

Mstari wa pili unakubali: 24,400 na 978,000 ni 1,002,400. Wa tatu haukubali. 1,002,400 ukitoa 400,000 inabaki 602,400, siyo 302,400. Mshahara wa kweli ulikuwa 678,000, salio 702,400, akatoa 400,000 zikabaki 302,400. Alibadilisha mshahara na salio la mstari wake, mistari iliyofuata akaichoka. Si lazima upige yote. Piga mistari ya siku ya mshahara na miwili mitatu inayofuata, kila mwezi.

Halafu mwangalie anayeingiza. Mshahara wa benki unatoka akaunti ya kampuni na jina la kampuni linajitokeza. Ukikuta pesa imeingia kwa wakala au dirishani, tarehe inarukaruka, leo 25, mwezi ujao 3, na kiasi kinafanana na slipu mpaka shilingi ya mwisho, muulize nani aliweka. Inawezekana mwajiri analipa taslimu. Inawezekana pia mtu anajiwekea mshahara, anautoa jioni, mwezi ujao anauzungusha tena zilezile.

Dereva_wa_Safari

Hapo kwa Karanga ndipo mnapotuumiza sisi. Mimi ni dereva na mwongoza watalii, kampuni yetu iko Arusha mjini. Mshahara wangu wa msingi unaopita benki ni 400,000. Posho ya safari napewa mkononi, tipu za wageni napewa kwa dola, nabadilisha naweka benki mwenyewe. Mwezi wa Agosti akaunti yangu inang'aa, Aprili na Mei mvua za masika zikishika hakuna kitu, wakati mwingine kampuni inatupa likizo bila malipo. Niliomba mkopo wa kujenga Usa River nikaambiwa nina "miamala ya mashaka". Miamala gani ya mashaka wakati kila mtu wa hapa mjini anajua utalii unavyolipa?

Karanga_Moshi

Kaka yangu, aliyekuambia mashaka alikosea neno, lakini hakukosea kutokuihesabu kama mshahara. Barua ya mwajiri wako inataja 400,000. Hizo nyingine ni mapato yako ya kweli ila hakuna wa kuzisimamia endapo mwaka utakuwa mbaya. Mimi kwa mtu kama wewe naomba steitimenti ya miezi 12 badala ya sita, ili Aprili na Mei ziwemo ndani. Miezi sita ya kuanzia Juni hadi Novemba inamfanya dereva yeyote aonekane tajiri. Halafu marejesho nayapima kwa mwezi mbovu, tipu naziweka pembeni kama nyongeza ya kukupa moyo wa kupitisha, siyo ya kukuzia mkopo.

Dereva_wa_Safari

Kwa mwezi mbovu mimi sipati hata pikipiki. Mnatupima kwa Mei wakati miezi tisa tunaweza kulipa vizuri. Sikubaliani, marejesho yangefuata msimu watu wasingeshindwa.

Kijana_wa_Utumishi

Nipo upande wa pili wa simu zenu, nashughulika na wafanyakazi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Ngoja niseme tunavyoziona hizi barua.

Kwanza, namba ya simu iliyo juu ya barua si ya kuipigia ukitaka uhakika. Aliyechonga barua ameandika namba ya rafiki yake. Tafuta namba ya kampuni kwa njia yako, kwenye bango la ofisi, kwenye tovuti yao, au nenda kabisa, Njiro si mbali. Jina la kampuni litazame kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama lipo na limeandikwa vilevile. Nimeona barua ina `Limited` na usajili ni jina la biashara tu.

Pili, ukinipigia usiniulize "ni kweli fulani analipwa 1,200,000?" Mtu mwenye haraka atasema ndiyo akate simu. Niulize fulani anafanya kazi gani, aliajiriwa lini, mkataba unaisha lini, na kuna makato gani ya hiari yanayopita kwetu. Nikikujibu mimi mwenyewe kutoka kwenye faili ndipo unalinganisha na barua yako.

Tatu, sitakujibu chochote kama huna ridhaa ya mfanyakazi iliyosainiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mshahara wa mtu ni taarifa yake. Weka kipengele cha ridhaa kwenye fomu yenu ya maombi, unitumie nakala kwa baruapepe, nitakujibu siku hiyohiyo.

Na hiyo 150,000 isiyobadilika, mimi ningeweka mkono motoni ni SACCOS ya wafanyakazi. Wanakatwa kabla mshahara haujatumwa, ndiyo maana benki haioni.

Bibi_Hesabu

Naam, hapo pa benki haioni ndipo pa kutofautisha. Kama deni ni la benki yenyewe, mshahara ungeingia 928,000 kamili na dakika hiyohiyo ungeona benki inachukua chake kwenye mstari unaofuata. Mshahara kuingia umeshapungua maana yake aliyekata ni mwajiri. Inaweza kuwa SACCOS, mkopo wa ndani wa kampuni, amri ya mahakama ya matunzo, au fidia ya kitu alichoharibu gereji. Kiasi kuwa kilekile kila mwezi kunaondoa mambo ya kutofika kazini, maana hayo hubadilika. Taarifa ya mikopo ya Creditinfo au Dun & Bradstreet ivute kama kawaida yenu, ila usitegemee deni la SACCOS ya kazini kuonekana humo.

Kuna kitu kingine kinachofunga swali la mshahara kabisa. Mwombe mteja taarifa yake ya michango ya NSSF, anaipata mwenyewe kama mwanachama. Pale mchango unaonyesha jumla ya mfanyakazi na mwajiri, asilimia 20. Gawanya kwa 0.2 unapata ghafi iliyotangazwa na mwajiri. Huyu wako inatakiwa isome 240,000 kwa mwezi.

Chasaka_Moshi

Hapo dada nakuunga mkono ila uwe mwangalifu. Nina wateja wa viwanda huku Moshi, mtu analipwa 700,000 benki kabisa, NSSF mwajiri anapeleka ya mshahara wa 300,000 ili apunguze mzigo. Wengine wanachelewesha michango miezi mingi. Ukimhukumu mfanyakazi kwa NSSF unamwadhibu kwa kosa la mwajiri.

Bibi_Hesabu

Ni kweli kabisa kaka, na ninaona hivyo pia. NSSF ikikubaliana na slipu ni ushahidi mzito, kwa sababu hakuna mwajiri anayelipa michango mikubwa ili kumfurahisha mtu anayetaka mkopo. Isipokubaliana, haithibitishi kitu peke yake. Unarudi benki, na kilichoingia benki ndicho unachoshika.

Mdogo_wa_Sakina

Wakuu, mrejesho. Nilikwenda Njiro mwenyewe na fomu ya ridhaa. Kampuni ipo, na jina kwenye BRELA limeandikwa sawasawa. Mteja kaleta taarifa ya NSSF, 240,000 kila mwezi tangu Julai 2024, imekatika Machi tu kwa sababu haijafika bado.

Ofisa utumishi alinifungulia faili. Kuna SACCOS ya wafanyakazi kama alivyosema Kijana. Anakatwa 150,000, kati yake 120,000 ni marejesho ya mkopo alionunulia kiwanja, na 30,000 ni akiba ya lazima ya kila mwanachama. Mkopo huo unakwisha Desemba 2025.

Jambo la pili sikulitegemea. Barua niliyoletewa inasema tu "ameajiriwa kwa mkataba". Kwenye faili mkataba ni wa miaka miwili, kuanzia 1 Julai 2024 hadi 30 Juni 2026. Sisi tulikuwa tunampa miezi 24 kuanzia mwisho wa mwezi huu wa Aprili.

Mteja mwenyewe nilimwita. Anasema hizo slipu alipewa na mtu wa uhasibu hivyohivyo, hajui kilichofutwa. Ofisa utumishi anasema slipu zao zote zina mstari wa SACCOS. Sijui nimwamini nani.

Karanga_Moshi

Hilo la mkataba ndilo zito kwangu kuliko SACCOS. Umebakiza miezi 14, na mkopo ni miezi 24. Barua iliyoandika "mkataba" bila tarehe ya mwisho ingerudishwa siku ya kwanza. Kwangu barua ya mwajiri isiyo na tarehe ya kuanza, aina ya ajira, tarehe ya kuisha, na jina na cheo cha aliyesaini, siipokei hata ikiwa na mihuri mitano.

Piga hesabu ya utaratibu wenu. Asilimia 40 ya 928,000 ni 371,200. Toa marejesho ya SACCOS 120,000, inabaki 251,200. Hiyo ndiyo rejesho kubwa kabisa unaloweza kumpa leo, siyo 290,000. Kwa miezi 14 atakuwa amelipa 3,516,800 jumla, riba ikiwemo ndani. Kwa hiyo milioni 5 haipo. Kilichopo ni chini ya milioni tatu na nusu, chini kiasi gani ni riba yenu itasema.

Kijana_wa_Utumishi

Mimi ningehesabu 150,000 nzima. Akiba ya lazima haiachwi mpaka ujitoe uanachama, na mwenye mkopo hajitoi. Mkononi hizo pesa hana.

Karanga_Moshi

Akiba ni mali yake, siwezi kuiita deni. Utaratibu wao umesema marejesho ya madeni. Ukianza kuhesabu akiba utahesabu na michango ya harusi.

Chasaka_Moshi

Mnapiga hesabu za mtu aliyeleta karatasi iliyofutwa mstari. Mimi kwangu akileta slipu iliyoguswa, mazungumzo yameisha, hata kama mshahara wake ni wa kweli na kiwanja chake ni cha kweli. Leo amefuta SACCOS, kesho atafuta nini?

Bibi_Hesabu

Kaka, kwenye hili sina jibu la kukupinga, na sina la kukuunga mkono. Kama aliyefuta ni yeye, amedanganya taasisi kwa maandishi na kamati ina haki ya kukataa. Kama aliyefuta ni mtu wa uhasibu kwa kumsaidia rafiki, bado mteja aliona, maana benki anapokea 778,000 kila mwezi na slipu inasema 928,000. Hawezi kusema hakujua kuna 150,000. Anaweza tu kusema hakujua imefutwa. Hayo ni maneno mawili tofauti na kamati iyasikie kutoka kwake, siyo kutoka kwako.

Mdogo_wa_Sakina

Kamati inakaa Alhamisi. Nimeandika maoni yangu kwa njia mbili: kukataa kwa sababu ya slipu, au miezi isiyozidi 14 kwa rejesho lisilozidi 251,200. Meneja anaegemea ya kwanza. Kuna kitu gani kingine niambatanishe?

Bibi_Hesabu

Weka slipu zote tatu ulizoletewa kama zilivyo, na pembeni ya kila moja jumlisha makato kwa kalamu nyekundu, kamati ione yenyewe. Halafu mwombe ofisa utumishi akutumie slipu za miezi hiyohiyo moja kwa moja kwenye baruapepe ya ofisi, zisipite mkononi mwa mteja wala wa mtu wa uhasibu. Ya Aprili nayo, mshahara ukitoka kabla ya Alhamisi. Masika haya gereji nyingi za safari zinapunguza watu au siku za kazi, na wewe una ushahidi wa Oktoba mpaka Machi tu.